Kuomba radhi kwa kukosa kikao cha Jumamosi, na ombi la siku nyingine

Kwa: Katibu wa kikundi cha wakulima wa mwani, Paje, Unguja
Nakala: Mama Mwenyekiti
Tarehe: Jumapili, 11 Januari 2026

Bi Katibu,

Assalaam aleikum. Natumaini mmeamka salama na shughuli ya harusi ya jana jioni ilikwisha vizuri. Jana tulizungumza kwa simu, lakini nilikuwa nimesimama juani nje ya bandari ya Malindi, nimechanganyikiwa, nikajibu nusunusu. Leo naandika nikiwa nimetulia. Naomba barua hii uwasomee wenzako wote, kwa sababu niliowakosea ni wote walioketi wakinisubiri, si wewe peke yako.

Naomba radhi. Kikao tulipanga saa tatu asubuhi, Jumamosi tarehe 10. Siku mliichagua nyinyi, saa mliichagua nyinyi, nami nilikubali kwa maandishi. Sikuja. Mlinisubiri mpaka saa sita, na muda wote huo sikuwa nimewapa taarifa yoyote.

Sababu ni ya aibu, ila ni afadhali niiseme kama ilivyo. Wewe uliniandikia kwenye Watsapu, "Jumamosi saa 3, maji mafu, wote watakuwepo." Mimi siku ile nilikuwa dukani na mteja mbele yangu. Nikafungua kalenda ya simu nikaandika 3:00 kama nilivyoiona, na simu ikaichukua kuwa ni saa tisa alasiri. Sikurudi kuitazama tena. Kalenda ile naitumia na wateja wetu wa nje, na saa zote mle ndani ni za Kizungu. Kwa hiyo mimi, niliyezaliwa Tanga na kukua na saa hiihii ya kwetu inayoanza kuhesabiwa jua linapotoka, nimepotezwa na tarakimu moja. Simu haina kosa. Ningeusoma ujumbe wako mara ya pili jioni ile, neno "maji mafu" peke yake lingenishtua, maana wiki moja kabla ulikuwa umenieleza kwa nini asubuhi ya maji mafu ndiyo inayowafaa.

Matokeo yake ni kwamba saa tatu jana, wakati nyinyi mnatandika mikeka, mimi nilikuwa bandarini Dar es Salaam nakunywa chai kwa vitumbua, moyo umetulia kabisa, nangoja boti ya saa tatu na nusu. Ulipopiga mara ya kwanza simu ilikuwa kwenye begi, na begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi. Zilizofuata zilinikuta katikati ya maji, mtandao hakuna. Niliposhuka nikaona umenipigia mara tano. Hata hapo sikushtuka! Nikajua unataka kuniuliza kama nimeshavuka. Ndiyo maana nilikupigia kwa furaha nikakwambia, "Nimewahi, kabla ya saa tisa nitakuwa Paje," nawe ukanyamaza, kisha ukaniuliza, "Saa tisa ya nini, kaka?" Swali hilo nimelala nalo.

Nakushukuru kwamba hukunifokea, ingawa ulikuwa na haki. Lakini uliniambia mambo matatu ambayo sitaki yapite kimyakimya.

La kwanza, kwamba kila mmoja alileta mwani wake, mkautandaza kwenye mikeka kwa mafungu, spinosamu upande huu na kotonii upande ule, ili nione mwenyewe uliokaushwa kwenye chanja ulivyo tofauti na uliokaushwa chini. Kazi ile nayo ina jasho lake, kuubeba na kuurudisha, na mmeurudisha majumbani bila hata mtu kuushika. La pili, bibi aliyetoka Jambiani kwa bodaboda, na nauli katoa mfukoni mwake. La tatu ndilo lililonikaa zaidi. Ulisema wapo wanachama waliosema tangu mwanzo kwamba mnunuzi wa Dar huja mara moja, hupiga picha, akapotea, na kwamba jana mimi nimewapa ushahidi.

Kwa hili la tatu sina cha kujitetea. Naomba tu mnipime kwa nitakachofanya kuanzia hapa.

Leo asubuhi nimetuma shilingi 140,000 kwenye namba ya kikundi, ile iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina. Ni 10,000 kwa kila mmoja wa wanachama 14 waliofika, kwa asubuhi yao iliyopotea. Na 20,000 nimetuma kando kwa ajili ya nauli ya bibi wa Jambiani, tafadhali mfikishie mkononi. Fedha hizi si malipo ya awali, wala sitazikata kwenye mzigo wa kwanza tukija kuelewana. Na mkiamua kutofanya kazi nasi, bado ni zenu.

Sasa ombi langu. Kama moyo wenu bado unaruhusu, naomba tukutane Jumanne tarehe 27 Januari, saa tatu asubuhi, palepale kwenye banda lenu la kukaushia. Safari hii sikuanza na kalenda yangu, nimeanza na mwezi. Mwezi unaandama mwanzoni mwa wiki ya tarehe 19, kwa hiyo bamvua litakuwa wiki hiyo, na maji yatakuwa yanatoka sana asubuhi ya saa nne na saa tano. Siku hizo mko kwenye vigingi vyenu, mnafunga mbegu na kuvuna, na mtu mwenye akili hawezi kuwaita kikao. Kufika tarehe 27 mwezi utakuwa na siku saba au nane, maji mafu, asubuhi bahari imejaa na hakuna wa kushuka. Kama hesabu yangu ina kasoro nirekebisheni, nyinyi ndio wenye bahari.

Kama tarehe 27 ina shughuli nyingine, ninayoweza pia ni Jumanne tarehe 10 Februari, saa ileile, nayo ni maji mafu. Nisingependa tuvuke hapo, kwa sababu wiki inayofuata inatuingiza Ramadhani, na mwezi huo sitaki kuwaita watu wenye saumu wakae juani kujadili bei. Lakini mkisema hapana kwa zote mbili, tajeni siku yenu nami nitaifuata.

Nitavuka siku moja kabla na kulala hapohapo Paje. Mjini kwa shangazi Jang'ombe kungekuwa rahisi zaidi kwangu, ila asubuhi ningeanza tena kusubiri daladala, na sitaki kubakiwa na kisingizio hata kimoja. Jioni ya tarehe 26 nitakupigia nikishafika. Usiponisikia mpaka baada ya swala ya isha, waambie wenzako wasihangaike kuja.

Ili kikao kisiwe kirefu, naweka hapa tunachotafuta, mkijadili wenyewe kabla sijafika. Mimi na dada yangu tunatengeneza sabuni Mbezi, karakana ndogo, watu sita. Tunahitaji kilo 60 za mwani mkavu kila mwezi, 40 za spinosamu na 20 za kotonii. Tunausaga wenyewe. Tunachokijali kuliko vyote ni mchanga. Mwani wa kupelekwa nje ya nchi unakwenda kuchemshwa na kuchujwa kiwandani, mchanga kidogo hauwaumizi. Kwetu sisi unga unaingia kwenye sabuni moja kwa moja, na chembe moja ya mchanga inamkwaruza mteja usoni, sabuni inarudishwa. Ndiyo maana tunataka wa chanja tu, uliosuuzwa kwa maji baridi, na tunajua kusuuza ni ndoo za maji na ni muda, kwa hiyo bei yake haiwezi kuwa ile ya mwani wa kawaida. Bei nataka muitaje nyinyi kwanza. Nusu tutalipa mnapoanza kuandaa, nusu mzigo ukipimwa, na mizani iwe yenu, mimi nitakuja na ya kwangu ya kulinganishia tu.

Kuhusu kotonii, nafahamu huu ni msimu wa kaskazi, bahari ina joto, na kotonii haina uvumilivu wa joto, inapauka na kukatika kwenye kamba. Msijifunge kunipa kilo 20 kama hazipo. Tunaweza kuanza na spinosamu peke yake mpaka maji yapoe. Hili nilitaka kulisema jana, na ni vyema mlijue mapema, isije ikawa mtu ameanza kutafuta mbegu kwa mkopo kwa ajili yangu.

Naomba jibu lako kufika Ijumaa tarehe 16, kwa barua pepe hii au kwa simu. Ukipiga na nisipopokea, nitakurudia ndani ya saa moja. Na saa ya kikao safari hii nimeiandika kwa maneno, kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya jiko la sabuni: saa tatu asubuhi. Dada yangu ameongeza chini yake, kwa mwandiko wake mkubwa, "jua likiwa bado la mashariki." Anacheka tangu jana.

Mfikishie Mama Mwenyekiti salamu zangu na ombi langu la msamaha. Nitampigia mwenyewe kesho baada ya saa nne, lakini ingekuwa vizuri alisikie kwako kwanza. Na kwa aliyempikia mgeni pweza wa nazi asiyeliwa na mgeni, mwambie nimeambiwa, na nimeumia mara mbili.

Wako katika kazi,

Hamisi
Karakana ya sabuni, Mbezi, Dar es Salaam