YAH: MADAI YA BIMA KUBWA YA GARI – AJALI YA JUMAMOSI, 8 MACHI 2025, BARABARA YA IRINGA, DODOMA

Dodoma,
24 Machi 2025

Kwa Meneja Madai,

Barua hii inachukua nafasi ya ile niliyoleta tarehe 11 Machi. Ile niliiandika siku tatu baada ya ajali, nikiwa bado na hasira, na ofisa wako wa madai alinieleza kwa upole kuwa ameisoma mara mbili asielewe ajali ilitokea saa ngapi wala ninadai shilingi ngapi. Naomba muiweke kando. Namba ya bima na ya gari zipo kwenye nakala za stika na kadi ya gari nilizoambatisha.

ILIVYOKUWA

Jumamosi, 8 Machi, saa 11:30 alfajiri. Nilitoka Mpunguzi na kirikuu yangu nyeupe nikipeleka zabibu Soko la Majengo. Nilikuwa peke yangu. Mzigo ulikuwa kreti 18 za kama kilo 15 kila moja, yaani kilo 270 hivi.

Saa 12:05 asubuhi. Kabla ya kufika Mkonze, taa zikiwa bado zinawaka, ng'ombe wanne waliingia barabarani kutoka kulia. Nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 50 hivi. Nilipiga breki, nikakata kushoto, gari likatoka kwenye lami na kugonga kingo ya zege ya kalavati kwa kona ya mbele kushoto. Sikugonga ng'ombe wala mtu. Mchungaji, kijana wa miaka kama 16, alisema walikuwa wanapelekwa mnadani.

Saa 12:10. Maji ya rejeta yalikuwa yanamwagika chini, nikazima injini. Nilipiga simu polisi, kisha nikampigia wakala wenu.

Saa 1:25. Askari wa usalama barabarani walifika, wakapima na kuchora ramani ya ajali.

Saa 3:40. Gari lilivutwa hadi gereji, Area C.

Jumatatu, 10 Machi. Nilijaza fomu ya madai ofisini kwenu. Alhamisi, 13 Machi, mkaguzi wenu alikagua gari gerejini.

UHARIBIFU NA GHARAMA

Bampa ya mbele, 180,000. Taa kubwa ya kushoto, 120,000. Rejeta, 220,000. Kioo cha mbele, 200,000. Shokapu na tairodi za kushoto, 160,000. Kunyoosha bodi na kupiga rangi, 350,000. Ufundi, 150,000. Kuvuta gari, 70,000. Jumla ni shilingi 1,450,000, kama ilivyo kwenye ankara ya gereji na risiti ya kuvuta gari.

Hapo penye kioo ndipo tulipopishana na mkaguzi. Yeye anasema ufa ni wa zamani kwa sababu una vumbi ndani. Gari lililala siku tano kwenye uwanja wa gereji, nao ni wa udongo mtupu. Kwa upepo wa Dodoma hata kikombe cha chai hukiachi wazi. Lakini sitaki tubishane juu ya vumbi. Tarehe 17 Januari, kabla hajanikatia bima, wakala wenu alilipiga gari picha pande zote nne. Picha ya mbele inaonyesha kioo kizima, na kona ya chini kushoto, ulikoanzia ufa, inaonekana vizuri kabisa. Nimeichapisha na kuiambatisha. Ya kwenu itakuwa kwenye faili.

NISICHODAI

Barua ya kwanza ilitaja shilingi 2,300,000 kwa sababu niliingiza zabibu zilizopondeka na siku ambazo sikufanya kazi. Nimesoma mkataba tena, safari hii hadi maandishi madogo. Unagusa gari, haugusi mzigo wala kipato. Hayo nimeyaondoa.

OMBI

Mkataba unasema shilingi 200,000 za mwanzo ni juu yangu. Hivyo ninaomba:

1. Mlipe shilingi 1,250,000: gereji 1,180,000 moja kwa moja, nami 70,000 za kuvuta gari, ambazo nilishalipa.

2. Kama suala la kioo litahitaji muda, mlitenge, gereji iruhusiwe kuanza kazi nyingine. Msimu wa zabibu unaisha na gari limekaa juu ya mawe.

3. Nijibiwe kwa maandishi kufikia Jumatatu, 7 Aprili 2025. Kama kuna kipengele mnachokikataa, mtaje sababu na kifungu cha mkataba, ili nikilazimika kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima niende na karatasi mkononi.

Nimeambatisha pia taarifa ya polisi pamoja na ramani ya ajali, nakala ya leseni yangu, na picha sita nilizopiga kwa simu palepale kwenye kalavati. Namba yangu ni ileile iliyo kwenye fomu ya madai. Asubuhi nipo shambani na mtandao unasumbua, mnipigie baada ya saa nane mchana.

Wako katika biashara,
Mwenye bima, mmiliki na dereva wa gari