Skripti ya Video: Simu ya Kioo ya Bibi, Kupokea, Kupiga na Kuchukua Picha

MAELEZO KWA ANAYERIKODI NA KUHARIRI

Bibi ataitazama video hii kwenye kishikwambi cha Shangazi, simu yake ikiwa mkononi. Kwa hiyo kamera ikae nyuma ya bega langu, aione simu ikiwa imeelekea upande ule ule atakaoishika yeye. Pasiwe na muziki kabisa. Anavaa kifaa cha kusikia, na muziki humvurugia maneno. Nikinyamaza, usikate: huo ndio muda wake wa kufanya.

Neno "rahisi" halimo humu, na lisiongezwe. Mtu akikwama kwenye jambo aliloambiwa ni rahisi, anaumia mara mbili.

ONYESHO LA 1: USO WANGU, NIMEKAA MEZANI

Shikamoo Bibi.

(Kimya, aitikie.)

Simu umeitumia miaka mingi. Kupiga unajua, kupokea unajua. Hayo hayajabadilika. Vitufe ndivyo vilivyohamia ndani ya kioo, na kioo kina tabia zake. Leo tuzijue hizo tabia.

Ukitaka kunisimamisha, gusa katikati ya picha hii, kisha gusa ile alama ya mistari miwili iliyosimama. Nitakungoja hapo hapo.

ONYESHO LA 2: MIKONO NA SIMU, KARIBU SANA

Kwanza tuiamshe. Pembeni, upande wa kulia, kuna kitufe kimoja kifupi na kimoja kirefu. Bonyeza kile kifupi. Kioo kimewaka. Sasa weka kidole chini ya kioo, kipandishe hadi katikati bila kukiinua.

(Nafanya polepole. Kimya, sekunde 10.)

Kioo hiki hakipimi nguvu ya kidole. Ngozi yetu hupitisha umeme kidogo sana, na hicho ndicho kioo kinachokihisi. Ndiyo maana ukigusa kwa ukucha hakiitiki, na ukikandamiza hakuna kinachoongezeka. Tumia nyama ya ncha ya kidole.

Vidole vikikauka, au vikiwa na sugu za kazi, kioo hushindwa kuvihisi vizuri. Hata mafundi wenye mikono migumu hupata shida hiyo. Gusa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha jaribu tena.

Na jambo la pili: ukikiacha kidole juu ya alama, simu hudhani unataka kitu kingine na kukufungulia orodha ambayo hukuiomba. Ikitokea, gusa mahali patupu, itaondoka. Gusa, inua.

(Nagusa na kuinua mara tatu, bila maneno.)

ONYESHO LA 3: SIMU INALIA MEZANI

(Acha ilie kabisa kabla sijaongea.)

Anayepiga ni Shangazi. Jina lake liko juu, na chini kuna duara. Kwa simu yako, duara hilo haligusiki tu likakubali. Liburute kwenda juu. Limewekwa hivyo kwa makusudi, simu isijipokee yenyewe mfukoni.

(Naburuta. Sauti ya Shangazi inasikika: "Haloo, Mama!")

Ukiipeleka sikioni, kioo kitazima. Simu haijakatika. Juu yake kuna kijicho kinachotambua kwamba kitu kimekaribia, ndipo kinazima kioo ili shavu lisibonyeze chochote. Ukiiondoa sikioni, kioo kinawaka tena.

Sauti ikiwa ndogo, bonyeza sehemu ya juu ya kile kitufe kirefu cha pembeni. Ukipenda kuongea simu ikiwa mezani, gusa alama ya spika. Nadhani kwako hii ndiyo itakayokufaa zaidi, kwa sababu kifaa chako cha kusikia kikigusana na simu wakati mwingine kifaa hicho hupiga mluzi.

Mkimaliza, gusa duara jekundu.

Ikilia ikanyamaza kabla hujaifikia, usiikimbilie. Jina la aliyepiga linabaki. Utampigia ukiwa tayari.

ONYESHO LA 4: UKURASA WA MWANZO WA SIMU

Hapa nimekuwekea nyuso tatu: Shangazi, Baba na mimi. Ukigusa uso, simu inapiga papo hapo. Umegusa usiyemkusudia? Duara jekundu, imekwisha. Akiona simu yako akakupigia, mwambie kidole kiliteleza.

Kwa mtu mwingine, gusa alama ya kijani yenye mkono wa simu, kisha alama ya vidoto vingi. Namba zitatokea kwa mpangilio ule ule uliouzoea, 1 juu kushoto, 0 chini katikati.

Akipiga mtu usiyemjua, akakuuliza namba yako ya siri, hata akijitambulisha kwa cheo gani, gusa jekundu. Usimuage. Mtu wa aina hiyo hadai adabu kwako.

ONYESHO LA 5: KAMERA, NIMESIMAMA KARIBU NA DIRISHA

Sasa picha. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapokuhitaji.

Geuza simu uone mgongo wake. Vile vioo vidogo vya mviringo ndivyo macho ya kamera. Vipanguse kwa kitambaa laini. Picha nyingi zenye ukungu hazina kosa la mpigaji, ni alama ya kidole tu.

Igeuze tena, gusa alama ya kamera. Unachokiona kwenye kioo ndicho kitakachoingia. Ishike kwa mikono miwili, vidole vikae kwenye kingo, visifunike yale macho.

(Karibu: mikono yangu, viwiko vimebana mbavuni.)

Mwanga uwe nyuma yako, uangukie kwa unayempiga. Akisimama mbele ya dirisha, uso wake utatoka mweusi. Gusa uso wake pale kwenye kioo: simu itaelewa kwamba huyo ndiye unayemtaka aonekane vizuri. Kisha gusa duara kubwa jeupe lililo chini. Kama mkono unatikisika ukilifuata, liache, bonyeza kile kitufe kirefu cha pembeni. Nacho hupiga picha.

(Mlio wa kamera. Kimya, sekunde 15.)

Kuiona, gusa kipicha kidogo kilicho pembeni ya duara jeupe. Telezesha kidole kulia na kushoto, utaziona na nyingine. Ukifuta moja bila kukusudia, simu yako huitunza siku 30 kwenye pipa lake kabla ya kuitupa, nami nitakuonyesha namna ya kuirudisha.

Sasa chukua albamu ile yenye picha za zamani. Iweke mezani, karibu na dirisha lakini jua lisiipige moja kwa moja. Kama picha iko ndani ya nailoni, itoe taratibu, la sivyo itang'aa. Simama juu yake, simu ilale sambamba na meza. Ikiinama, picha itatoka na upande mmoja mwembamba. Ukiona mng'ao au kivuli chako, sogea hatua moja pembeni.

(Naonyesha kwa picha ya familia. Nasogea mara mbili hadi kivuli kiondoke, sisemi kitu.)

Waliomo kwenye picha hizo, wengi wetu hatuwajui. Wewe unawajua.

ONYESHO LA 6: USO WANGU

Kutuma picha tutafanya kwenye video inayofuata, kwa sasa zikae humo humo.

Leo saa kumi jioni nitakupigia. Weka simu mezani, ipokee kwa spika, na ile albamu iwe karibu. Nataka majina ya waliosimama mstari wa nyuma. Na kama kuna mahali hapa nimekwenda mbio, niambie ni wapi, nirekodi upya.