Kazi ya Nyumbani, Uhasibu wa Gharama: Mchango na Kiwango cha Usawa, Kiwanda cha Sabuni Jinja

SWALI

Kiwanda kimoja mjini Jinja hutengeneza bidhaa moja tu: sabuni ya mche, inayouzwa kwa katoni. Risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa Uganda, huonyesha Sh 70,800 kwa katoni, kodi ya ongezeko la thamani ya 18% ikiwa ndani. Gharama za kila katoni, bila kodi hiyo, ni: mafuta ya mawese 27,500, kostiki soda 6,200, silikati 2,300, katoni na karatasi 3,000, ujira wa vibarua wanaolipwa kwa katoni 2,500, umeme wa mitambo 1,500, kamisheni ya wauzaji 2,000.

Kwa mwezi kiwanda hulipa kodi ya pango 7,500,000, mishahara ya ofisi na walinzi 16,500,000, bima na leseni 1,100,000, intaneti na simu 400,000. Uchakavu wa mitambo ni 4,500,000. Uwezo wa mitambo ni katoni 3,000 kwa mwezi. Mauzo ya sasa ni 2,600.

(a) Tafuta mchango wa katoni moja na uwiano wake.
(b) Tafuta kiwango cha usawa, yaani mauzo yasiyoleta faida wala hasara, kwa katoni na kwa shilingi.
(c) Tafuta faida ya sasa na pengo la usalama.
(d) Ziuzwe katoni ngapi ili faida baada ya kodi ya mapato ya 30% iwe Sh 8,400,000?
(e) Mafuta ya mawese yakipanda kwa 10%, meneja afanye nini?

MAJIBU

(a) Kwanza nimeitoa kodi ndani ya bei. Hiyo 18% si mali ya kiwanda. Kinaikusanya tu kwa niaba ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda.

Bei halisi = 70,800 ÷ 1.18 = 60,000
Gharama zinazobadilika = 45,000
Mchango = 60,000 − 45,000 = Sh 15,000
Uwiano wa mchango = 15,000 ÷ 60,000 = 25%

Anayeanza na 70,800 atapata mchango wa 25,800, na kiwango cha usawa cha katoni 1,163. Akiwa mwenye kiwanda, atajiona ana faida tangu katikati ya mwezi, ilhali bado yumo kwenye hasara.

(b) Gharama za kudumu jumla ni 30,000,000.

30,000,000 ÷ 15,000 = katoni 2,000
30,000,000 ÷ 0.25 = Sh 120,000,000

Uchakavu nimeuacha ndani kwa sababu ni gharama, ingawa hautoki mfukoni kila mwezi. Ukiuondoa, fedha taslimu zinasawazika kwenye katoni 1,700 (25,500,000 ÷ 15,000), mradi wateja walipe papo hapo. Wenye maduka wanaochukua mzigo kwa mkopo hawamo kwenye hesabu hii.

(c) Katoni 600 zinazozidi usawa ndizo zinazoleta faida:

600 × 15,000 = Sh 9,000,000
Pengo la usalama = 600 ÷ 2,600 = 23.1%

(d) Faida kabla ya kodi = 8,400,000 ÷ 0.70 = 12,000,000
(30,000,000 + 12,000,000) ÷ 15,000 = katoni 2,800. Mitambo inaziweza.

(e) Mafuta yanapanda kwa 2,750, mchango unashuka hadi 12,250.

Usawa mpya = 30,000,000 ÷ 12,250 = 2,448.98, yaani katoni 2,449
Faida kwa katoni 2,600 = 31,850,000 − 30,000,000 = Sh 1,850,000

Malighafi moja imepanda kwa 10% na karibu 79% ya faida imekwenda. Jibu linalokuja upesi ni kuuza zaidi, lakini ili kurudisha ile milioni 9 zinahitajika 39,000,000 ÷ 12,250 = katoni 3,184, na mitambo hutoa 3,000 tu. Njia hiyo imefungwa.

Inabaki bei. Kuurudisha mchango kwenye 15,000, bei iwe 62,750, ambayo dukani itasomeka 74,045 pamoja na kodi. Wauzaji watalalamika kwamba wateja watakimbia, na baadhi watakimbia kweli. Basi tuulize ni wangapi tunaoweza kuwapoteza:

(30,000,000 + 1,850,000) ÷ 15,000 = 2,123.3, yaani katoni 2,124

Mauzo yanaweza kupungua kwa katoni 476, sawa na 18.3%, na kiwanda bado kisiwe na faida ndogo kuliko kikibaki na bei ya zamani. Ningemshauri meneja apandishe bei, kisha aangalie mauzo ya kila wiki: yakielekea chini ya katoni 2,124 kwa mwezi, arudi kwenye bei ya zamani.