Mwani tuuze pamoja, mazungumzo na wanaushirika wa Paje

Haya jamani kina mama, karibuni mkae. Mnunuzi akija anapita nyumba kwa nyumba, huyu kampa mia tisa kilo, yule ana shida ya ada ya skuli kakubali mia saba, basi kesho bei ya kijiji kizima ndo hiyo mia saba. Sasa tukikusanya polo zote banda moja, tani tatu, yeye ndo anatubembeleza maana gari yake haiwezi kurudi tupu. Ila mwani ukauke sawasawa na msitie mchanga, wallahi hapo ndo tunapojiharibia. Tupime kwa mizani yetu kwanza, tukubaliane bei ya mwisho humu ndani, na asemeshwe na watu wawili tu.