Naacha kazi, naomba na cheti cha utumishi

Shikamoo mama, naacha kazi ya stoo ya asali hapa Tabora, notisi ya siku 28 inaanza leo tarehe 3 Machi kwa hiyo siku ya mwisho ni tarehe 30.

Naomba cheti cha utumishi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri anatoa, kioneshe nilianza Juni 2021 kama mpakiaji, 2023 nikawa mtunza stoo, maana cha mwenzangu kiliandikwa "kibarua" tu akakwama.

Barua ya udhamini hiyo ni hisani yako mama, iwe na muhuri na namba ya simu inayopatikana, utaje hesabu ya madumu haijawahi kupungua, na kuchelewa kwangu masika ukikutaja sawa tu. Leja na ufunguo wa pili nitakukabidhi mkononi.