Jarife la Bakari: simulizi ya ufunguzi na matukio ya saa ya kwanza ya mchezo wa video

SIMULIZI YA UFUNGUZI

(Skrini nyeusi. Maji yanapiga ubao, taratibu. Sauti ni ya Zuhura akiwa mtu mzima.)

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu nyumbani ilikuwa kuhesabu mwezi. Baba hakuwa na kalenda. Kila magharibi aliniuliza, "Leo ngapi, Zuhura?" Nikimwambia tatu, nne, tano, anajua bahari itampa maji kiasi gani na saa ngapi.

(Picha inafunguka: pwani ya Kigombe usiku, mwezi mpevu. Nyuma ya minazi, mistari ya mkonge inapotelea gizani.)

Usiku huo nilimwambia kumi na nne. Akasema, "Basi bamvua. Maji yatajaa saa kumi alfajiri, na saa nne asubuhi yatakuwa yametukimbia." Akalala na shuka lake begani, hakuvua hata kofia.

Jarife, wavu wa papa, lilikuwa limeshatoswa tangu jana jioni, nje ya mwamba, pima hamsini kwenda chini. Si letu. Lilikuwa la Mzee Kombo, na kila samaki aliyenasa humo alikuwa nusu wa Kombo kabla hajafika pwani.

Baba alidhani anakwenda kutafuta papa.

DAKIKA YA 4 HADI 15: KUSHUA

Mchezaji anaanza akiwa Bakari, miguu majini. Hakuna maandishi ya kumfundisha. Sefu, mpwa wake wa miaka kumi na tisa, amesimama upande wa pili wa ngalawa.

SEFU: Shikamoo mjomba.
BAKARI: Marahaba. Umelala wewe?
SEFU: Kidogo.
BAKARI: Macho yako yanasema hukulala kabisa. Shika ndubi hiyo, tusukume.

Mchezaji asukume wimbi linapoinua chombo. Akisukuma kabla, ngalawa inakwama mchangani na Sefu anasema tu, "Subiri lije, mjomba." Halafu vipakiwe vitu vinne: tanga, upondo, upo wa kufulia maji, kapu la chambo. Kapu amelishika Sefu. Mchezaji akijaribu kulichukua, Sefu analihamishia mkono wa pili: "Hili niachie mimi." Asiseme zaidi, na kamera isilisogelee. Anayecheza mara ya pili ndiye atakayeumia hapa.

DAKIKA YA 15 HADI 28: ALAMA

Umande unavuma kutoka bara na kulijaza tanga. Hatutaweka ramani wala mshale katika saa hii, na nalishikilia hili kwa moyo wote. Wavuvi wetu hupata mahali baharini kwa kupanga vitu vya nchi kavu, na mchezaji naye apate hivyo hivyo.

BAKARI: Tazama nyuma. Mnazi uliopinda unauona?
SEFU: Nauona.
BAKARI: Ukae juu ya paa la msikiti. Sasa tazama kusini, ule mkoko mrefu uifiche ncha ya rasi. Vikikutana vyote viwili, chelezo chetu kipo hapo.

Mchezaji anageuza kichwa cha Bakari huku akishika usukani. Alama moja ikikaa sawa, nyingine inateleza. Mchoraji, naomba kunapopambazuka milima ya Usambara ijitokeze nyuma ya yote, bluu hafifu, na isitumike kwa lolote. Ipo tu, kama ilivyo kwa kila anayetazama bara akiwa kule. Chelezo kikionekana, Bakari anasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya chini. Hiyo inatosha, tusipige muziki.

DAKIKA YA 28 HADI 35: BARUTI

Mtu wa sauti, tafadhali soma hapa mara mbili. Mlipuko wa baruti ukiwa mbali, aliye ndani ya chombo anausikia kwa nyayo kwanza. Ubao unagonga mara moja, kama mtu amepiga ngumi chini ya ngalawa. Kidhibiti kitetemeke, kisha kimya. Baada ya kimya ndipo sauti ndogo, butu, ifike kwa njia ya hewa.

Bakari anasimama. Sefu hasimami, wala hageuki kutazama ilikotoka.

Dakika moja baadaye changu wanaanza kuelea, matumbo meupe juu, wengi wao wadogo kuliko kiganja.

SEFU: Mjomba, wameshakufa. Tukiwaacha wanaoza bure.
BAKARI: Na kesho?

Mchezaji anachagua: kuwaokota, kuwaacha, au kumuuliza Sefu, "Ni chombo cha nani?" Akiuliza, Sefu anajibu, "Sijui," haraka mno. Akiwaokota, kapu linajaa na Zuhura atakula usiku, ila wanawake wa mnadani watambonyeza samaki mmoja, waone nyama imelegea kwenye mifupa, na wasimsalimie Bakari hadi saa ya pili ya mchezo. Kila njia ina gharama yake. Asiwepo wa kumhubiria mchezaji.

DAKIKA YA 35 HADI 48: KUVUTA

Kamba mkono kwa mkono, pima kwa pima. Mchezaji avute kwa mpigo wa pumzi ya Bakari. Akiharakisha, kamba inamchana na damu inabaki kwenye skrini ya vitu vyake. Pima ishirini, hakuna kitu. Thelathini, taa mmoja mdogo. Arobaini, uzito.

SEFU: Papa!
BAKARI: Papa anapigana. Huyu amelala.

Anatokea. Ana urefu wa Zuhura. Bluu nzito yenye mabaka meupe, magamba magumu kama vigae. Jicho linarudisha mwanga wa alfajiri kwa rangi ya kijani. Mapezi yamekaa juu ya vishina vya nyama, na moja linajizungusha polepole, kama mtoto anayetafuta pa kushika. Mchezaji apewe muda wote autakao kumtazama. Asipogusa kitu, pezi linazunguka mara ya mwisho, na bluu inaanza kugeuka kahawia mbele ya macho yake.

SEFU: Mjomba, huyu ni nini?
BAKARI: (kimya kirefu) Baba yangu hakuniambia kuhusu huyu.

Jina la silikanti lisitamkwe popote katika saa hii. Wanasayansi walimjua tangu mwaka 1938, alipopatikana mmoja Afrika Kusini. Bakari hakuwa na namna ya kulijua hilo, na mshangao ni wake.

DAKIKA YA 48 HADI 60: MAJI KUPWA

Saa nne asubuhi. Maji yamekimbia kama alivyosema, ngalawa inakwama mbali na ufuko. Bakari na Sefu wanambeba samaki kwa mti mabegani, wakivuka majani ya bahari na matope. Watoto wanakuja mbio. Mzee Kombo anangoja chini ya mkungu.

KOMBO: Jarife langu, nusu yangu. Mkate.
BAKARI: Huyu hakatwi, Mzee Kombo. Naomba.
KOMBO: Nyama ni nyama.

Mchezaji anachagua: akatwe, au Bakari aahidi papa watatu badala yake, deni litakalomfuata mchezo mzima, au amtume Zuhura kwa bwana samaki, ambaye kila mtu pale ana sababu ya kumkwepa. Chaguo la tatu likishikwa, kamera imtazame Sefu.

Jioni. Zuhura amekaa na gamba moja kiganjani, analigeuza kwenye mwanga wa kibatari.

BAKARI: Leo ngapi, Zuhura?
ZUHURA: Kumi na tano, baba.

Bakari analichukua kapu la chambo akalisuuze. Chini kabisa, chini ya ngisi waliobaki, kuna kipande cha utambi wa baruti, urefu wa kidole, kimefungwa kwenye nailoni kisilowe. Nje Sefu anapiga hodi.

SEFU: Mjomba, nimesahau kapu langu.

Skrini inakuwa nyeusi Bakari akiwa bado hajajibu.