YAH: MALALAMIKO KUHUSU FRIJI LISILOGANDISHA NA WARANTI ISIYOSOMEKA

Tabata, Dar es Salaam
24 Novemba 2025

Meneja wa Duka,
Mtaa wa Uhuru, Kariakoo.

Ndugu Meneja,

Tarehe 14 Machi 2025 nilinunua dukani kwenu friji la mlango mmoja, lita 138, kwa shilingi 680,000, nikapewa risiti ya EFD. Sasa halina ubaridi. Taa inawaka, kompresa inanguruma kama nusu dakika, inalia "ta!" kisha inanyamaza, na baada ya muda inaanza tena. Hali hii ilianza tarehe 9 Novemba, yaani mwezi wa nane tangu nilinunue.

Naambatanisha picha nne: friza lililoyeyuka na maji yaliyotapakaa sakafuni, kibandiko cha nyuma chenye namba ya friji, na risiti mbele na nyuma. Wino wa mbele umefifia, lakini tarehe na bei bado vinaonekana.

Tatizo liko nyuma ya risiti. Kuna muhuri wenu wa bluu, "WARANTI MIEZI", na pembeni tarakimu iliyoandikwa kwa kalamu ambayo imelowa. Kimebaki kimkia tu. Kijana wenu wa kaunta ameisoma 6, akaniambia muda umekwisha. Siku ya kununua, muuzaji aliniambia kwa mdomo ni mwaka mmoja. Kadi iliyokuwa ndani ya boksi inasema miezi 12, ila sehemu ya muhuri wa duka iliachwa wazi. Sitaapa kwamba kimkia kile ni cha 12. Lakini na ninyi hamwezi kukigeuza kuwa 6 kwa kukikisia, wakati kadi pekee inayosomeka inasema 12, na kuigonga muhuri ilikuwa kazi yenu.

Hata tukiiweka waranti kando, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji auze kitu chenye ubora unaofaa. Friji la miezi minane lisilopoza maji halifai, na kibao chenu cha "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" hakiondoi wajibu huo.

Naomba mlete fundi kabla ya tarehe 1 Desemba, atengeneze bila malipo. Ikishindikana, nibadilishiwe friji. Kama mnakataa, nijibuni kwa maandishi: waranti ni miezi mingapi, na imeandikwa wapi? Kitabu chenu cha mauzo cha siku ile kinaweza kumaliza ubishi huu, nami niko tayari kuja tukifungue pamoja. Nisipopata jibu, nitapeleka barua hii na picha zake Tume ya Ushindani (FCC).

Nawaomba msichelewe. Mama mkwe wangu anatumia insulini, na chupa zake nimeziomba hifadhi kwa jirani. Kila asubuhi na jioni nagonga mlango wa watu kufuata dawa.

Wenu mteja,

Mama Neema